MAONI YETU: Semina ya Walimu wa Nabuyonga Ipimwe kwa Mtoto, Si kwa Karatasi ya Mahudhurio



Kamati ya elimu ya tawi letu imeletewa waraka wa semina ya walimu wa shule za msingi za upande wa Nabuyonga, hapa Mbale. Wenye waraka wanauliza kama tawi litachangia chakula na vifaa. Kwa kuwa fedha za tawi ni jasho la wanachama, na kwa kuwa watoto wanaotajwa ndani yake ni watoto wetu, tumeusoma ukurasa kwa ukurasa, kisha tumeona yafaa maoni yetu yachapwe hapa ili kila mwanachama ayajue. Wenzetu wa Jinja, hasa wale wa mashamba ya miwa ya Kakira, twawaomba wayasome pia, maana waraka wa namna hii hauishii mji mmoja.

Waraka unasema walimu watafundishwa "ufundishaji tofautishi". Neno ni geni lakini jambo lenyewe si geni kwetu. Katika shamba la miwa hakuna mnyapara mwenye akili anayempa mgeni wa jana kipande kile kile anachopewa mkataji wa miaka kumi. Katika kiwanda cha nguo mwanagenzi hakabidhiwi mashine nne siku ya kwanza. Huanza kwa kuunga nyuzi zilizokatika, fundi akiwa karibu. Kazi ni moja, kitambaa ni kimoja, lakini kila mtu huanzia pale mikono yake ilipofika. Ufundishaji tofautishi ni hivyo hivyo. Mwalimu anafundisha somo moja, ila anabadilisha kazi anazotoa, msaada anaotoa, au namna ya mtoto kuonyesha alichojifunza, kwa kutazama kila mtoto amefika wapi.

Jambo hilo tunaliunga mkono. Ila waraka kama ulivyo sasa hautufikishi huko. Twataka kueleza ni wapi unapopungua: katika madhumuni yake, katika ratiba yake, na zaidi katika namna unavyotaka kupima matokeo.

KWA NINI DARASA MOJA LINA MADARASA MANNE NDANI YAKE

Tuanze na sababu, maana waraka umezipita haraka. Tangu elimu ya msingi kwa wote ilipoanza Uganda mwaka 1997, watoto wengi waliingia shule kwa mara moja, na desturi imekuwa kuwapandisha darasa kila mwaka, wajue kusoma au wasijue. Kisha mtaala ulioanza mwaka 2007 ulielekeza kwamba darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya mahali pale, na katika darasa la nne wahamie Kiingereza. Mtoto ambaye hajashika kusoma kwa Lumasaba au kwa Lusoga anafika darasa la nne na kukuta hata lugha imebadilika. Katika kambi za wafanyakazi, ambako nyumba kumi zina lugha tano, huenda ile "lugha ya mahali" haikuwa ya nyumbani kwake tangu mwanzo.

Juu ya hayo, shule zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kwa watoto wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Walipofunguliwa, wengine walikuwa wamesomeshwa nyumbani na wazazi wenye nafasi, wengine walikuwa wakichuma kahawa au kuuza mandazi barabarani. Mwishoni mwa Julai mwaka huo huo mito Nabuyonga na Namatala ikafurika, watu wakafa, nyumba zikachukuliwa, na madaftari yakaenda na maji. Basi mwalimu anayesimama leo mbele ya darasa anakuta mtoto anayesoma hadithi nzima amekaa kando ya mtoto asiyejua herufi. Akifundisha kitabu cha darasa la nne tu, anawafundisha wale wachache ambao tayari wanakiweza.

MADHUMUNI YAWE YA KUONEKANA

Waraka unasema dhumuni ni "kuwajengea walimu uwezo na kuwahamasisha". Maneno hayo hayawezi kukaguliwa. Mwalimu akirudi shuleni, nani atajua kama uwezo umejengwa? Sisi twapendekeza madhumuni matatu tu, ambayo yeyote anaweza kuyaona kwa macho. Kwanza, kila mwalimu aweze kumpima mtoto mmoja kusoma kwa dakika nne hivi na kuandika hatua yake. Pili, aweze kuligawa darasa lake mwenyewe katika makundi kwa vipimo hivyo. Tatu, aweze kutayarisha kipindi kimoja chenye somo moja na kazi tatu, na kukifundisha mbele ya watoto.

Kipimo tunachosema ni cha ukurasa mmoja, wa namna iliyoenezwa na shirika la Pratham la India na ambayo Uwezo wameitumia nyumba kwa nyumba hapa Afrika Mashariki. Ukurasa una herufi, maneno, aya fupi ya mistari michache, na hadithi. Mtoto anaitwa peke yake na kuanzishwa kwenye aya. Akiisoma kwa mtiririko bila kukosea zaidi ya mara tatu, anapewa hadithi. Akishindwa aya, anateremshwa kwenye maneno. Akisoma manne kati ya matano, huyo ni wa hatua ya maneno. Akishindwa hapo, anateremshwa kwenye herufi. Mwalimu haandiki alama wala nafasi ya mtoto darasani. Anaandika tu hatua ya mwisho aliyoiweza.

Tuchukue mfano wa darasa la nne lenye watoto 78, ukubwa ambao hautashangaza mzazi yeyote wa huku. Dakika nne kwa kila mtoto ni dakika 312, yaani zaidi ya saa tano. Mwalimu akigawana na mwenzake, inakuwa asubuhi moja kila mmoja. Tuseme wanapata hivi: watoto 5 hawajui hata herufi, 13 wako kwenye herufi, 22 kwenye maneno, 21 kwenye aya, na 17 wanasoma hadithi. Sasa mwalimu hana tena "watoto 78 wazito". Ana makundi matatu: kundi la kwanza la watoto 18 wanaoanza, kundi la pili la watoto 43 wa maneno na aya, na kundi la tatu la watoto 17 wanaosoma.

Kipindi cha dakika 40 kinakwenda hivi. Kwa dakika 10 za kwanza darasa zima liko pamoja. Mwalimu anasoma kwa sauti hadithi ya siku ya soko, mara mbili, na watoto wote wanaizungumza, kwa sababu hata asiyejua herufi ana masikio na ana akili. Kwa dakika 25 zinazofuata kila kundi lina kazi yake katika hadithi ile ile. Kundi la kwanza linakaa na mwalimu, likiwa na kadi za herufi zilizokatwa kwenye makatoni, na kuunda silabi za majina ya vitu vya soko. Kundi la pili linakaa wawili wawili, mmoja wa maneno na mmoja wa aya, wanapanga vipande vya sentensi za hadithi mpaka zikae sawa, kisha wanasomeana. Kundi la tatu linasoma hadithi lenyewe na kuandika sentensi tatu za kile kinachofuata. Dakika 5 za mwisho kila kundi linaonyesha kitu kimoja.

Mwalimu hawezi kukaa na makundi yote kwa siku moja, na asidanganywe kwamba ataweza. Kwa wiki anakaa na kundi la kwanza Jumatatu na Jumatano, la pili Jumanne na Alhamisi, la tatu Ijumaa. Siku asizokaa nalo, kundi lazima liwe na kazi ambayo watoto wanaweza kuifanya wenyewe, na kazi hiyo ndiyo ngumu kuliko yote kuitayarisha. Hapo ndipo semina ingepaswa kutumia muda wake.

RATIBA: SHULENI, NA WATOTO WAWEPO

Ratiba ya waraka ni siku tatu hotelini wakati wa likizo. Siku ya kwanza ni hotuba za ufunguzi na maelezo ya nadharia. Siku ya pili ni mihadhara na majadiliano ya vikundi. Siku ya tatu ni mpango wa baadaye, vyeti na picha. Katika siku zote tatu hakuna mtoto hata mmoja anayeonekana. Ni sawa na kumfundisha dereva wa trekta kwa kumchorea trekta ubaoni.

Sisi twapendekeza siku mbili za muhula, shuleni, na siku moja ya kurudi baada ya wiki tano. Siku ya kwanza asubuhi mkufunzi aonyeshe kipimo, walimu wajipime wao kwa wao, na ifikapo saa nne waende madarasani kuwapima watoto wa kweli. Mchana wayagawe makundi kwa majina. Siku ya pili asubuhi watayarishe kazi tatu za somo moja na kukata kadi. Kabla ya chakula wawili wafundishe na wengine watazame. Mchana waseme ni kundi gani lilikaa bure, kwa dakika ngapi, na kwa nini. Siku ya kurudi, kila mwalimu aje na daftari lake la makundi na tatizo moja lililomshinda.

Ili shule zisifungwe, kila shule itoe walimu wawili tu kwa zamu. Na ili mwalimu asirudi na kuchekwa na mkubwa wake, mwalimu mkuu awepo siku ya pili, maana ndiye mwenye kupanga vipindi.

Tunasema hivi kwa sababu jambo hili lilishajaribiwa. Nchini India majimbo kadhaa yalijaribu njia ya Pratham katika shule za serikali, na watafiti wakayafuatilia. Mahali ambapo walimu walipewa mafunzo na vifaa tu, kisha wakaachwa, kusoma kwa watoto kulibaki karibu pale pale. Walimu walijifunza, lakini wakirudi darasani walirudia kitabu, kwa kuwa kitabu ndicho walichotakiwa kukimaliza. Katika jimbo la Hariyana, mwaka wa masomo wa 2012 hadi 2013, mambo yalipangwa vingine. Saa moja ya kila siku ilitengwa kwa kazi hiyo peke yake, watoto wa darasa la tatu hadi la tano wakapangwa kwa hatua zao badala ya madarasa yao, na wasimamizi wa shule, ambao kwanza walifundisha madarasa wenyewe kwa njia hiyo, wakawa wanapita kuwasaidia walimu. Huko watoto walisonga mbele katika kusoma. Fundisho kwetu ni hili: semina pekee haimfikii mtoto. Inamfikia ikiwa kuna saa yake katika ratiba ya shule na mtu wa kurudi kutazama.

MWALIMU NI MFANYAKAZI

Hapa chama cha wafanyakazi hakiwezi kunyamaza. Kupima watoto 78 ni kazi ya saa tano, na kipimo hicho kinatakiwa kurudiwa kila baada ya wiki nne hivi. Kutayarisha kazi tatu badala ya moja ni kazi pia. Waraka hausemi muda huo utatoka wapi. Kama hausemi, basi utatoka usiku wa mwalimu, bila malipo, na baada ya wiki tatu mwalimu ataacha, halafu ataitwa mvivu. Sisi wa viwandani twaijua desturi hiyo: mashine inaongezwa, mshahara unabaki, na kosa linakuwa la mfanyakazi.

Basi waraka uandike wazi kwamba saa moja kila siku imetengwa kutoka vipindi vilivyopo vya lugha, na kwamba siku ya kupima ni siku ya kazi. Nauli ya walimu ilipwe siku ile ile. Wala mtu asitumie semina hii kama dawa ya upungufu wa walimu. Makundi matatu yanamsaidia mwalimu wa watoto 78 kufanya vizuri zaidi kuliko jana, lakini watoto 78 bado ni kazi ya walimu wawili.

KUPIMA MATOKEO

Waraka unataka kupima semina kwa karatasi ya mahudhurio na kwa fomu inayouliza kama walimu wameridhika. Mtu aliyekula vizuri na kulipwa nauli ataandika kwamba ameridhika. Fomu hiyo haitatuambia kama mtoto amesoma.

Twapendekeza vipimo vitatu. Cha kwanza ni siku ya semina yenyewe. Walimu wawili wampime mtoto mmoja pamoja bila kusemezana, kila mmoja aandike hatua yake. Wafanye hivyo kwa watoto kumi. Wakipishana kwa zaidi ya mmoja, bado hawajajua kupima, na warudie kabla ya kwenda kuligawa darasa.

Cha pili ni kutembelea darasa katika wiki ya tatu na ya saba. Mtembeleaji asiandike kama mwalimu ni mzuri au mbaya. Atazame daftari la makundi tu. Kama baada ya wiki saba hakuna jina hata moja lililohama kundi, kuna kasoro: ama kipimo hakirudiwi, ama kundi la kwanza limegeuka kuwa benchi la waliosahauliwa. Hiyo ndiyo hatari kubwa ya njia hii. Makundi yakishakauka, watoto 18 wataitwa wajinga kwa jina jipya, watapewa kuchora kila siku, na wataacha shule wakijua kwa nini. Dalili nyingine ni kundi la tatu kunakili ubaoni kwa dakika 25. Hapo kazi yao haikutayarishwa.

Cha tatu ndicho cha uamuzi. Katika wiki ya kumi, watoto wale wale wapimwe tena kwa majina, kwa ukurasa mwingine wa kiwango kile kile, na mwalimu wa shule jirani, si wa kwao. Hesabu isiwe ya wastani. Iulize hivi: kati ya wale 18 wa mwanzo, wangapi sasa wanasoma maneno? Na hapa mtu awe macho. Tuseme wanapatikana 12, na 9 kati yao wanasoma maneno. Mwenye kutaka sifa ataandika "9 kati ya 12", ambayo ni robo tatu. Sisi twataka iandikwe 9 kati ya 18, ambayo ni nusu, na wale 6 wasiopatikana watafutwe majumbani. Mara nyingi wanaoondoka ni wale waliokuwa chini, na wakiondoka wastani wa darasa unapanda wenyewe. Mtoto aliyeacha shule asihesabiwe kuwa amefaulu.

Tena, watoto hukua. Hata bila semina, baadhi wangesonga katika wiki kumi. Kwa kuwa waraka wenyewe unasema shule zitaingia kwa zamu mbili, shule za zamu ya pili zipimwe nazo mwanzo na mwisho wa muhula ule ule wa kwanza. Tofauti kati ya zamu hizo mbili ndiyo kazi ya semina. Iliyobaki ni kazi ya muhula. Hilo halihitaji fedha nyingi, lahitaji karatasi na uaminifu.

MASHARTI YETU

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwa mkutano wa tawi kwamba tuchangie, kwa masharti haya:

(a) Semina ifanyike shuleni, siku za masomo, na walimu wapime na kufundisha watoto wa kweli kabla ya kumalizika.

(b) Saa moja kila siku itengwe katika ratiba ya kila shule inayoshiriki, na mwalimu mkuu atie sahihi kabla ya semina, si baada yake.

(c) Matokeo yasomwe mbele ya wazazi kwa hesabu ya watoto wote walioandikwa mwanzo, pamoja na wale walioondoka. Majina ya watoto na makundi yao yabaki shuleni.

(d) Fedha zetu zitolewe kwa awamu mbili: nusu kwa vifaa na chakula cha siku mbili za kwanza, nusu baada ya siku ya kurudi kufanyika.

Wanachama wenye watoto katika shule hizi wana kazi moja kabla ya mkutano wa tawi. Katika kikao cha wazazi kijacho, ombeni kuonyeshwa orodha ya darasa yenye safu moja tu ya ziada: hatua ya kusoma ya kila mtoto. Kila mzazi aulize ya mtoto wake. Shule ikiwa nayo, semina hii itapata pa kuanzia. Ikiwa haina, semina ianze na kuitengeneza orodha hiyo, na hotuba ya ufunguzi ingoje.